Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kenya: onyo liko kwenye pakiti, mteja ananunua sigara moja

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kisauni, Mombasa. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na nimepewa insha ya kueleza jinsi mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku unavyoongoza sheria za nchi. Nilianzia maktabani, nikaishia kwenye kibanda cha mtaani kwetu. Niliyoyaona pale ndiyo yamenifanya nikuandikie wewe kabla ya kumkabidhi mwalimu kazi yake.

Kibandani sigara hukaa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Pakiti hufunguliwa asubuhi, sigara zikamiminwa mkebeni, na pakiti yenyewe ikaenda jaani. Kiberiti cha gesi kinaning'inia dirishani kwa uzi. Nilikaa pale kiasi cha kumaliza soda moja, na wateja saba wakanunua sigara, kila mmoja moja, isipokuwa mmoja aliyenunua mbili. Hakuna aliyeona picha ya onyo, kwa sababu hakuna aliyeshika pakiti.

Sasa nirudi kwenye picha hiyo, maana ilitoka mbali.

Mkataba ulipitishwa Geneva na Baraza la Afya Duniani Mei 2003. Kenya iliutia saini na kuuridhia siku moja, tarehe 25 Juni 2004, na ukaanza kufanya kazi Februari 2005. Hauna polisi wala mahakama ya kumhukumu anayeukiuka. Kila nchi hupeleka ripoti kila baada ya miaka miwili, basi. Kinachoupa nguvu ni namna maneno yake yalivyopangwa. Kifungu cha 11 kinaziamuru nchi ziweke maonyo kwenye kila pakiti ndani ya miaka mitatu, na kinataja vipimo: yafunike nusu ya uso wa pakiti au zaidi, na kwa vyovyote yasipungue asilimia 30. Picha hakikulazimisha, kiliruhusu tu.

Ukisoma Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ukiwa na mkataba mkono wa pili, utamwona mwandishi wake akipiga hesabu. Upande wa mbele wa pakiti onyo lichukue asilimia 30, upande wa nyuma asilimia 50. Yaani mbele tulichukua kiwango cha chini kabisa, nyuma tukachukua kile tulichohimizwa. Onyo liwe kwa Kiingereza na Kiswahili, lakini maneno matupu. Picha zilisubiri kanuni za Waziri, na kanuni hizo zilichapishwa Desemba 2014.

Zilikuwa zianze Juni 2015. Kabla ya siku hiyo kampuni ya sigara ya BAT Kenya ilikwenda Mahakama Kuu. Malalamiko yake yalikuwa mengi, ila matatu ndiyo yaliyonishughulisha. Kwanza, kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Pili, kwamba mchango wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa, ambao kanuni ziliwataka watengenezaji na waagizaji watoe kwenye mfuko wa kudhibiti tumbaku, haukuwa wa haki. Tatu, kwamba kuwawekea maafisa wa serikali masharti ya kukutana na watu wa tumbaku ni kuibagua biashara halali.

Hapo ndipo mkataba uliponionyesha kazi yake halisi. Nilikuwa nikiudhania ni fimbo ya kuzichapa serikali zinazozembea. Mahakamani uligeuka ngao ya serikali iliyoshtakiwa. Kifungu cha 2(6) cha Katiba yetu ya 2010 kinasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Na Kifungu cha 5.3 cha mkataba kinazitaka nchi zilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya biashara ya tumbaku. Kwa hiyo masharti ya mikutano, ambayo kampuni iliyaita ubaguzi, yalikuwa ni wajibu tuliojifunga nao wenyewe. Jaji Mumbi Ngugi alizikubali kanuni karibu zote Machi 2016. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye Februari 2017, na Mahakama ya Juu ikaifunga kesi Novemba 2019. Karibu miaka mitano ilipita toka kanuni zichapishwe hadi neno la mwisho. Afadhali picha zenyewe hazikungoja hadi hapo.

Na baada ya safari yote hiyo, mwenye kibanda anaitupa picha jaani saa moja asubuhi.

Si kwamba sheria imelisahau jambo hili. Sheria yetu ya 2007 inakataza kuuza sigara isipokuwa ndani ya pakiti yenye sigara zisizopungua kumi. Hapa tuliushinda mkataba wenyewe, maana Kifungu chake cha 16, kinapofika kwenye sigara za moja moja, kinalegeza sauti na kusema nchi "zijitahidi" kupiga marufuku. Mwalimu wetu hutuambia tutafute kitenzi kwanza, na hapa nimemwelewa. Kwenye onyo nchi zimeamriwa, zikapewa na tarehe. Kwenye sigara moja zimeombwa. Nina shaka ulegevu huo umeshuka hadi mtaani: tunayo marufuku ambayo hakuna anayeulizwa Geneva kwa nini haitekelezwi.

Kuna sababu ya nyumbani pia. Sheria ni ya taifa, lakini tangu ugatuzi maafisa wa afya ya umma wanaopita vibandani ni wa kaunti. Afisa huyo ana maji ya kisima, vyoo na nyama ya kukagua. Mkebe wa maziwa dirishani hauwezi kuwa wa kwanza kwenye orodha yake, na simlaumu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi langu si msako wa vibanda. Msako utamkamata mama anayeuza sigara kumi kwa siku na kumwacha aliyempelekea katoni. Naomba onyo liandikwe kwenye karatasi ya sigara yenyewe, moja baada ya nyingine, karibu na kichungi. Canada ilitunga kanuni za namna hiyo mwaka 2023. Onyo la hivyo halitupwi pamoja na pakiti. Linafuatana na sigara hadi mkebeni, hadi mdomoni.

Najua mawakili wataanzia wapi. Mkataba unazungumzia pakiti na vifungashio, haukutaja sigara yenyewe. Jibu liko kwenye Kifungu cha 2, kinachozihimiza nchi zipite zaidi ya pale mkataba ulipoishia. Kwamba sheria yetu ya 2007 inakuruhusu kufanya hivyo kwa kanuni tu, au Bunge lirekebishe kwanza, hilo liulizwe Mwanasheria Mkuu mapema, isije ikawa hoja ya kwanza kwenye kesi mpya. Na kila mkutano wa kukusanya maoni uwekewe daftari la waliohudhuria na barua walizoleta, kampuni zikiwemo. Safari iliyopita Mahakama iliridhika kwamba watu walishirikishwa, na kuridhika huko kulitaka ushahidi.

Nilimsomea mwenye kibanda rasimu ya barua hii. Alisikiliza huku akimpimia mtoto sukari, kisha akaniuliza swali moja tu: sigara ikiandikwa onyo, bei itapanda? Nikamwambia hilo amwandikie Waziri wa Fedha.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi, Kisauni