Picha ya tiketi yako: tunachosoma na tunachokuuliza

Ukitutumia picha ya pasi ya kupandia ndege ili tukupangie dereva, tafadhali usikate ile sehemu yenye vimistari vyeusi au mraba wa vidoadoa. Wengi huiondoa wakatubakizia maandishi tu. Sisi huanzia hapohapo, maana msimbopau ama unasomeka ama unakataa, lakini herufi zilizochapwa kwenye karatasi iliyokunjika zinadanganya: B inakuwa 8, O inakuwa sifuri.

Kwa safari ya ndege moja, herufi 60 za mwanzo hufuata mpangilio wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Huu ni mfano wa kubuni:

```
M1MTEJA/MFANO         EABC123 DARMWZXX 0400 074Y012C0025 100
```

Baada ya jina na namba ya buking (ABC123) inakuja DARMWZ, yaani kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. XX ni shirika, 0400 ni namba ya ndege. 074 ni siku ya 74 ya mwaka: Machi 15, au Machi 14 mwaka ukiwa mrefu. Mwaka wenyewe haumo katika herufi hizo, kwa hiyo picha ya zamani iliyobaki kwenye simu inaweza kuonekana kama ya safari ijayo. 012C ni kiti 12C.

Saa ya kuondoka, saa ya kufika na geti havimo kabisa. Hivyo tunavitafuta kwenye maandishi, na hapo ndipo penye mitego. Penye "GATE CLOSES 0835", programu ya kusoma picha inaweza kukuambia geti lako ni 0835, kumbe ni saa ya kufunga geti. "BOARDING" nayo ni saa ya kuanza kupanda. Ndege inaondoka baadaye. Na pasi uliyoichapa nyumbani jana mara nyingi haina geti, au ina geti litakalobadilishwa. Sisi hatukutumii namba ya geti kama jambo la uhakika. Itazame kwenye ubao ukifika uwanjani.

Tiketi ya basi ina shida nyingine, hasa ya kuandikwa kwa mkono. "Kuripoti 11:30, kuondoka 12:00" kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi: ni alfajiri au mchana? Kwa basi la Mwanza tungedhani ni saa kumi na mbili asubuhi, lakini kompyuta itaandika saa sita mchana bila wasiwasi wowote, na basi litakuwa limeshakuacha. Kwa hiyo pasipoandikwa asubuhi, mchana wala jioni, tutakupigia simu kabla ya kumpa dereva saa. Saa ya kufika nayo huwa haiandikwi. Tunahitaji namba ya simu utakayokuwa nayo njiani.

Picha tutumie sisi tu, usiiweke statasi. Jina na namba ya buking vinaweza kumtosha mtu kufungua safari yako mtandaoni.