Tulibloke konti, lakini kijana akaendelea kufuta faktire

Mama mmoja mwenye depo ya unga pale Kenya, hapa Lubumbashi, alitupigia simu saa nane mchana. "Papa, yule kijana nilimfukuza asubuhi, njo anafuta tena faktire. Tatu zimeisha kupotea." Na kweli, saa nne asubuhi mama mwenyewe alikuwa amebonyeza `Bloquer` kwenye jina lake ndani ya programu yetu ya faktire, na sisi tulikuwa tumemwambia ile butoni inatosha. Haikutosha, kosa lilikuwa letu, na kwa sababu nyinyi wateja wengine mlikuwa na programu ileile tunawaelezea yote.

Programu inauliza maswali mawili. La kwanza, wewe ni nani? Hapo unaweka jina na modepase, hiyo njo otantifikasio. La pili, kwa vile wewe ni fulani, uko na ruhusa ya kufanya nini? Muuzaji anaandika faktire, jeran anaweza kuifuta, hiyo ni otorizasio. Ukikosea la kwanza serveri inajibu `401`, yaani sikujui. Ukikosea la pili inajibu `403`, yaani nakujua vizuri lakini hii si kazi yako.

Sasa modepase unaiweka mara moja tu, kisha telefone inabeba kitu cha kukumbusha serveri kama ni wewe. Sisi tulikuwa tunatumia tokeni yenye sinyature. Ni kama boni ya kutoa mizigo: sentineli kwenye mlango anaangalia kashe na tarehe, vikiwa sawa anafungua, hapigi simu ku biro. Ndani ya tokeni ya yule kijana mulikuwa hivi:

```
{"sub": "14", "role": "gerant",
 "iat": 1736755200, "exp": 1739347200}
```

`iat` ni saa ilipotolewa, `exp` ni saa ya kuisha, zinahesabiwa kwa sekunde. Toa moja kwa nyingine utapata 2,592,000, ni siku 30. Kwa hiyo mama alipobonyeza `Bloquer`, jina lilifungwa kweli ndani ya daftari ya serveri, lakini hiyo daftari tulikuwa tunaiangalia paka wakati mtu anaweka modepase, na kijana hakuwa na haja ya kuiweka tena, tokeni yake ilikuwa bado na siku nyingi. Na kuna jambo lilituuma zaidi. Wiki moja mbele mama alikuwa amemtoa kwenye ujeran akamfanya muuzaji tu, lakini tokeni ilikuwa bado inasema `gerant`, na serveri iliiamini. Maswali yote mawili yalijibiwa na karatasi ya zamani.

Siku ile dawa ilikuwa moja: tulibadilisha ufunguo wa sinyature. Tokeni zote zikakufa, ya kijana na za depo zingine zote pia, watu wakatupwa inje kati ya kuuza, na wale waliosahau modepase walituita paka jioni. Tunawaomba radhi.

Sasa tumerudi kwenye seshoni. Telefone inabeba namba ndefu ya bahati nasibu tu, haisemi kitu, na serveri iko na mstari wake ndani ya tabo `sessions`. Kila ukibonyeza kitu serveri inatafuta ule mstari, kisha inasoma ruhusa zako vile ziko leo. Mama akibloke mtu tunafuta mistari yake yote, na bonyezo linalofuata linapata `401`. Watasema tokeni inapunguzia serveri kazi ya kutafuta, na ni kweli, serveri zikiwa nyingi hiyo inasaidia sana, lakini kwa depo yenye telefone sita kutafuta mstari mmoja hata hauoni. Kuna wanaoweka lisiti ya tokeni zilizokatazwa, sawa, lakini hapo unaitafuta kila mara, ni seshoni kwa njia ya kuzunguka.

Tokeni tumeiacha paka kwa aplikasio ya wale wanaopeleka mizigo, inaishi dakika 10, kisha telefone inaomba mpya na hapo njo tunaangalia kama mtu hajafungwa. Kwa hiyo ukibloke mpelekaji anaweza kubakia ndani paka dakika 10, mjue hivyo. Kufuta faktire kwenye ile aplikasio hakuna kabisa.

Mnaweza kujaribu wenyewe: fungua konti ya majaribio kwenye telefone ya pili, iache ndani, ibloke kutoka kwenye telefone yako, kisha kwenye ile ya pili bonyeza `Nouvelle facture`. Ikifunguka tuite palepale. Depo ambazo hazijahama tutazihamisha siku ya mungu usiku, na siku ya kwanza asubuhi kila mtu ataweka modepase yake upya.