Mwanangu, hela ya mwenzako isisafiri nawe

Mwanangu mpendwa,

Ule ujumbe ulionitumia jana usiku niupitie kabla hujampelekea mwenzako mliyepanga naye nyumba, nimeusoma mara tatu. Usiupeleke. Umebakiza siku 9 usafiri, dipoziti ya nyumba iliyorudishwa imeingia yote kwenye akaunti yako kwa kuwa mkataba ulikuwa kwa jina lako, na vitu vyake umevirundika nyuma ya mlango huko ulikojishikiza. Kinachoninyima usingizi ni hizo siku 9. Ukishaondoka, hela yake itakuwa imechanganyika na nauli yako na mahitaji ya ugenini, na mtu akishaila ya mwenzake hata bila kukusudia, kuirudisha ni kazi.

Yale ya ugomvi wenu siyarudii, unayajua kuliko mimi. Naomba tushike hesabu.

Chukua dipoziti yote kuwa mafungu 100. Wewe ulitoa 60 kwa sababu ya chumba kikubwa, yeye akatoa 40. Mwenye nyumba amerudisha 82, amekata 18. Kwenye ujumbe wako umezibeba 18 zote ukamtwisha yeye, ukasema 40 toa 18 ni 22, halafu ukatoa 5 nyingine za "kuhifadhi vitu", ukamfikishia 17. Mwanangu, umeandika kwa hasira. Najua umechoka, na najua alikuachia jiko na kuhangaika na mwenye nyumba peke yako. Lakini uchovu wako haukuwemo kwenye mkataba.

Kwenye hesabu ya namna hii kila mtu huanza na alichotoa. Aliyekaa muda mrefu zaidi hajipatii haki ya kuzidishiwa, na ile 82 haigawanywi nusu kwa nusu, kwa sababu hamkutoa nusu kwa nusu. Anza na 60 na 40, kisha shika karatasi ya makato uulize kila kato: hili limesababishwa na nani?

Makato yenyewe ni manne. La kwanza ni 6 za ukuta wa chumba chake. Alipong'oa ile rafu lipu ilibanduka, picha uliyonitumia inaonyesha shimo la kuingiza ngumi. Hilo ni lake peke yake, 6. La pili ni 4 za kioo cha sebule. Sebule mlitumia wote na hakuna anayekiri kukipasua, basi ni 2 kwake na 2 kwako. La tatu ni bili ya maji, 5, ya wiki 8 za mwisho. Hapo ndipo ulipokosea zaidi. Yeye alihama baada ya wiki 2, wewe ukabaki peke yako wiki 6. Zihesabu wiki kwa vichwa: wiki 2 mkiwa wawili ni wiki 4 za matumizi, ongeza zako 6, jumla 10. Zake ni 2 kati ya hizo 10, kwa hiyo katika bili ya 5 anadaiwa 1, wewe 4. La nne ni 3 za usafi. Hilo ni lako, usinikunjie uso. Wewe ndiye uliyekabidhi funguo, na wewe ndiye uliyeniambia kwa simu kwamba umeacha jiko lilivyo kwa sababu muda ulikwisha.

Yake ni 6 na 2 na 1, jumla 9. Yako ni 2 na 4 na 3, jumla 9 vilevile. Yeye anastahili 31, wewe 51. Zijumlishe, utapata 82 iliyorudishwa, haikuzidi wala haikupungua. Hesabu ya mgao isipofika kwenye kiasi kilichorudi, jua kuna kato umelihesabu mara mbili au umelisahau. Sasa linganisha 31 na ile 17 yako. Ulikuwa unakaribia kumla nusu ya haki yake, na najua hukukusudia.

Kuhusu ule ukuta, muulize mwenye nyumba hizo 6 ni za nini hasa. Kuziba lipu mahali ilipobanduka ni haki yake. Lakini kama amepaka chumba kizima rangi mpya, na ile ya zamani ilikuwa imefifia kwa jua na miaka, huo ni uchakavu wa kawaida na haukupaswa kutoka kwenye dipoziti yenu. Omba mchanganuo na risiti. Akikubali kurudisha 2, hizo ni za mwenzako zote mbili, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba kato lile. Usije ukazigawa. Aliyebebeshwa hasara ndiye hurudishiwa ikipungua.

Ila usingoje jibu la mwenye nyumba ndipo umtumie. Mtumie 31 leo, hilo la ukuta litafuata. Na kabla hujatuma mpigie, usikie sauti yake, akusomee mwenyewe namba ya akaunti. Namba uliyo nayo ni ya zamani, na hela ikienda kwa mtu mwingine utakuwa umelipa na bado unadaiwa.

Nije kwenye vitu. Hizo 5 za kuhifadhi zifute. Hamkukubaliana gharama ya kuhifadhi, na boksi kukaa nyuma ya mlango wako halijakutoa hata senti. Ungekuwa umelipia stoo, ungemwonyesha risiti, na hata hapo ungemwambia kabla ya kulipa. Tena pale ulipoandika "ukikubali hesabu hii ndipo utapata vitu vyako", mwanangu, hapo nilisimama nikazunguka chumba. Vitu vyake si rehani. Akikudai hela au ukimdai, godoro lake linabaki lake. Ndiyo maana nataka umwandikie jumbe mbili, moja ya hela na moja ya vitu, ili mkibishana juu ya kioo, mabishano yasimzuie kuja kuchukua viatu vyake.

Nilikaa na mwenzangu chumba kimoja nilipokuwa nasomea kazi, kabla hujazaliwa. Aliondoka na deni la kodi ya mwezi mmoja. Ile cherehani iliyo chini ya dirisha, ukiivuta droo yake ndogo utaona jina limekwaruzwa kwa msumari kwenye ubao wa ndani. Hukuwahi kuuliza ni jina la nani. Alituma mtu mara moja kuifuata, nikasema alipe kwanza. Hakutuma tena. Cherehani ilikuwa na thamani kubwa kuliko lile deni, na sikuwahi kukaa nikaandika hesabu kama hii niliyokuandikia wewe. Sare zako zote za shule zilishonwa pale.

Basi ujumbe wa vitu uandike hivi, ubadilishe utakavyo lakini usiongeze lawama:

"Habari za siku nyingi. Vitu vyako vilivyobaki ninavyo, viko salama: godoro, pasi, taa ya mezani, jozi mbili za viatu, boksi la vitabu, na bahasha ya vyeti. Nimeambatanisha picha ya kila kimoja. Kama kuna nilichosahau niambie. Nasafiri baada ya siku 9. Unaweza kuja mwenyewe, kumtuma mtu ukanitajia jina lake kwanza, au nikupakilie kwenye usafiri utakaoulipia wewe. Naomba unijibu ndani ya siku 5. Nisipopata jibu sitavitupa, nitavipeleka kwa mama na nitakupa namba yake."

Na wa hela:

"Mwenye nyumba amerudisha 82 kati ya 100. Wewe ulitoa 40. Makato yanayokuhusu ni ukuta 6, nusu ya kioo 2, maji 1. Inabaki 31 na nakutumia leo. Karatasi ya makato na picha ya ukuta hizi hapa. Nimemwomba mwenye nyumba mchanganuo wa ukuta, akipunguza nitakutumia inayorudi. Kama unaona kuna kosa nionyeshe ni kato lipi."

Hapo mwisho usiandike "ukipokea yamekwisha". Unamtumia kilicho chake, humnunulii ukimya wake. Akikujibu kwa ukali usijibu siku hiyo. Akitaja kato fulani mjibu hilo tu. Akisema kioo ulipasua wewe na ana ujumbe wako wa zamani unaokiri, kubali, mwongezee 2 zake. Kwenye kioo hukunijibu nilipokuuliza, na sikuulizi tena.

Vyeti ni jambo la peke yake. Godoro linanunuliwa, lakini cheti kikipotea mtu huzungushwa miezi kukipata tena. Visiwekwe kwenye boksi na viatu. Viweke kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, na uniletee mkononi mwangu, usimpe dereva. Vilivyobaki vipige picha tena siku ya kuvitoa, pasi uiwashe mbele ya atakayepokea aone inafanya kazi, na aandike kwa mkono wake amepokea nini na lini.

Mimi niko tayari kuvipokea, ila ujue stoo inavuja upande wa kushoto tangu yale mabati yalegee. Baba yako anasema atapanda juu, na mgongo wake unaujua. Nimemkataza. Mdogo wako ndiye atapanda Jumamosi. Godoro la mwenzako tutalisimamisha kwenye korido, lisiguse sakafu, na vitabu vitakaa chini ya kitanda chako, ambacho kuanzia wiki ijayo hakitakuwa na mtu. Nikikifikiria kitanda hicho nakosa raha, tuyaache.

Nilifurahi uliponitumia ujumbe ule kabla ya kumpelekea. Mimi umri wako sikuwa na mtu wa kumwonyesha, au nilikuwa naye nikaona aibu. Kwa hiyo nakuomba tena, na utanisamehe kwa kurudia: hela itoke leo. Usingoje hadi umalize kufungasha. Ukishatuma, nipigie hata kama ni usiku, simu itakuwa kando ya mto wangu.

Na ukija kuleta hivyo vitu njoo na bisibisi yako ndogo, ya hapa imepotea. Nataka kuifungua ile droo ya cherehani nikalisome vizuri lile jina, herufi za mwisho zimefutika na nataka kuanza kumuulizia.

Mama yako