Kuhusu mishumaa ya harusi ya Zainab

Mpendwa Mwanaisha,

Salamu nyingi, natumai wewe na watu wa nyumbani hamjambo. Nimepokea ujumbe wako wa mishumaa 40 kwa harusi ya mdogo wako, na nimefurahi mno. Ila nakuandikia kwa haraka kwa kuwa mwanzoni mwa ujumbe umeandika Zainab, na mwishoni Zaynab.

Ingekuwa lebo ya karatasi, ningebandua na kubandika nyingine. Wewe umeomba majina yachorwe kwenye glasi yenyewe, na glasi huchorwa kabla ya kumiminiwa nta, kwa hiyo jina ndilo hutangulia, na likishachorwa halifutiki. Mwaka jana mteja alinitajia jina kwa simu, nikachora Hadija kwenye glasi 25, kumbe bibi harusi huandika Khadija. Aliomba arudishiwe fedha zake, nami sikuwa na wa kumuuzia mishumaa yenye jina la mtu mwingine. Tuliumia sote wawili. Tangu siku hiyo sichori herufi hata moja kabla mteja hajaona mchoro na kuuthibitisha kwa maandishi, na baada ya hapo fedha hazirudishwi. Nikikosea mimi, yaani nikichora tofauti na ulivyothibitisha au glasi ikikufikia imevunjika, nitatengeneza upya kwa gharama yangu.

Kuhusu muda, naomba unielewe. Glasi uliyoichagua ina upana wa sentimita 7 na sijawahi kuitumia, hivyo ni lazima nimimine mshumaa mmoja wa majaribio. Nta ya soya huhitaji takriban wiki mbili kukomaa. Ukiuwasha mapema, harufu huwa hafifu hata kama manukato yamepimwa sawasawa, nami huweka gramu 16 kwa kila gramu 200 za nta. Ukishakomaa nitauwasha kwa saa tatu nikiutazama: nta iliyoyeyuka ikifika ukingoni mwa glasi, utambi unafaa, ikichimba shimo katikati na kuacha nta ngumu pembeni, utambi ni mwembamba, na itanibidi nijaribu mwingine. Hapo ndipo nitamimina yote 40, nayo isubiri wiki mbili nyingine. Kwa hesabu hiyo, utambi wa kwanza ukifaa, nahitaji wiki tano, na harusi iko wiki sita mbele. Ukipenda glasi ninayoitumia siku zote, majaribio hayatahitajika na wiki tatu zitatosha.

Narudi kwenye jina, maana ndilo linaloninyima usingizi. Je, mdogo wako mwenyewe huliandikaje? Jina la bwana harusi litangulie au lifuate? Tarehe iwekwe, au majina pekee? Na glasi je, ni ile mpya au niliyoizoea? Tafadhali muulize yeye mwenyewe, kisha unijibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa.

Wako akupendaye,
Saumu