Kabla hamjalitaja jina la yule kijana wa bodaboda

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Mpenzi Mwanaisha,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wote hapo Tanga. Sisi huku hatujambo, ila joto limetushika koo.

Klipu uliyonitumia nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyotaka. Namwona mtoto akivuka, namwona bodaboda akimpitia, kisha anaangalia nyuma na kutimua. Roho inauma, na hasira za mtaa wenu nazielewa. Umeniuliza kama mimi, ambaye mkate wangu ni kuhakiki picha na video kabla hazijarushwa, naweza kuwathibitishia kwamba huyo ni yule kijana wa kijiwe cha sokoni. Siwezi, shoga yangu. Na hao wanaosema kwenye grupu kwamba wana uhakika, nao hawawezi. Nipe nafasi nikueleze kwa kisa cha mbali kidogo, kwa sababu sijawahi kuona kingine kinachoonyesha vizuri hivi namna watu wengi wenye nia njema wanavyokosea kwa pamoja.

Ilikuwa Juni 2020, Bethesda, jimbo la Maryland huko Marekani. Unakumbuka siku zile, George Floyd ameuawa mwisho wa Mei na nchi nzima inachemka. Vijana watatu walikuwa wanabandika vipeperushi vya kupinga mauaji hayo kando ya njia ya baiskeli inayoitwa Capital Crescent Trail. Akapita mzungu mmoja mtu mzima, kavaa helmeti na miwani ya jua, akamshika binti kwa nguvu na kumpokonya vile vipeperushi, halafu akamvamia aliyekuwa anarekodi na kumsukumia baiskeli. Klipu ikasambaa nchi nzima. Polisi wa hifadhi za eneo lile wakatoa tangazo kuomba yeyote anayemfahamu awapigie.

Sasa hapa ndipo penye mambo. Tangazo la kwanza la polisi lilikosea tarehe. Tukio lilikuwa la Juni 1, wao wakaandika Juni 2. Baadaye walisahihisha, lakini watu walikuwa wameshaanza kusaka kwa tarehe ile ya kwanza.

Waendesha baiskeli wengi huko hutumia programu ya simu iitwayo Strava. Inarekodi umepita wapi, saa ngapi, kwa kasi gani, na usipobadilisha mipangilio, mtu yeyote anaweza kuona. Wasakaji wakaingia humo kutafuta nani alipita njia ile tarehe 2, wakampata mtu mmoja. Anaishi Bethesda, ni mzungu, ana helmeti, ana miwani, na rekodi yake ya wazi inaonyesha kabisa kwamba siku hiyo alikuwa kwenye njia ile. Wakaona kazi imekwisha.

Hebu itazame hatua hiyo polepole, Mwanaisha, maana kosa lote limelala hapo. Walichekecha watu kwa tarehe isiyo sahihi. Chekeche lile lilibakiza waliopita tarehe 2, na mkosaji wa kweli, aliyefanya mambo yake tarehe 1, hakuwa na sababu yoyote ya kubaki ndani yake. Katika waliobaki, wakamchagua anayefanana zaidi na yule wa kwenye klipu. Njia ya namna hiyo haiwezi kurudi mikono mitupu. Awepo mkosaji ndani ya chekeche asiwepo, daima kutakuwa na mmoja anayefanana kuliko wenzake, na huyo ndiye jina litamwangukia.

Halafu likaja lile ambalo mimi kazini naliogopa kuliko yote. Jina lilipotoka, watu wakaenda kwenye picha zake kutafuta ushahidi zaidi, na wakaupata kwa wingi. Tazameni miwani! Tazameni helmeti! Tazameni kidevu! Kila mmoja akaweka picha mbili pamoja na kuchora duara jekundu. Ukisoma unaona ushahidi kumi, kumbe ni uleule mmoja umesemwa mara kumi, kwa sababu mfanano ndio uliowafanya wamchague tangu mwanzo. Ukishamchagua mtu kwa kuwa ana helmeti na miwani, kukuta kwamba ana helmeti na miwani hakukuongezei kitu.

Tena sikiliza hili. Kwa klipu hiyohiyo, kundi jingine la watu lilikuwa limeshampata mtu mwingine kabisa, askari polisi aliyekwishaacha kazi. Naye ana umati wake unaoapa kwamba ndiye. Mwendesha baiskeli ni mmoja, majina mawili, na pande zote mbili zina uhakika ambao hauna hata chembe ya shaka. Hapo tu mtu mwenye utulivu angejua kwamba uhakika wa umati haupimi kitu. Na kweli, wote wawili hawakuwa. Juni 5 polisi walimkamata mtu wa tatu, wa miaka 60, ambaye jina lake halikuwa hata moja kati ya yale mawili.

Lakini kabla ya hapo yule wa kwanza alikuwa ameshaonja joto ya jiwe. Alianza kuona ujumbe wa matusi kutoka kwa watu asiowajua na hakuelewa kafanya nini. Kisha wakaweka anwani ya nyumba yake hadharani, na ikabidi polisi wawe wanapita kwake kumlinda. Akajitokeza kusema si yeye, na kwamba Juni 1 hakuwepo pale, lakini kwa mtu aliyekwisha kuamini, kukana ni tabia ya mwenye hatia. Akinyamaza wanasema amejificha. Akisema, wanasema anadanganya, na rekodi ya Strava tunayo! Rekodi ile ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyokuwa inammaliza. Kilichomwokoa ni kwamba mpelelezi alikuwepo, kesi ilikuwa moto, na mhusika akapatikana upesi. Waliomposti wengine walifuta, wengine waliomba radhi, ila unajua mwenyewe radhi haitembei kama tuhuma. Anayesambaza tuhuma anajiona anatenda haki. Sahihisho linamnufaisha mtu mmoja tu, tena usiyemjua, nani atakesha kulisambaza?

Kisa kingine nakitaja haraka kwa sababu ya kofia. Januari 6, 2021, watu walipovamia jengo la Bunge la Marekani, klipu moja ilimwonyesha mwanamume akiwarushia polisi mtungi wa kuzimia moto. Kofia yake ilikuwa na herufi CFD, na FD kwa Kiingereza ni kifupi cha idara ya zimamoto. Watu wakasema hao ni zimamoto wa Chikago, wakatafuta mstaafu wa zimamoto Chikago anayefanana naye, wakampata mzee mmoja, wakamshukia yeye na nyumba yake. Mzee siku hiyo alikuwa kwao Chikago, mamia ya maili kutoka bungeni. Aliyekamatwa siku chache baadaye alikuwa mstaafu wa zimamoto kweli, ila wa Chester, mji mdogo huko Pennsylvania. Kofia haikudanganya, herufi zilikuwa sahihi. Ila aliyeona C aliujaza mji mkubwa anaoujua, na hakuna aliyekaa kuhesabu ni miji mingapi ya Marekani yenye zimamoto inaanza na C.

Sasa rudi kwenye klipu yenu. Mlichonacho ni pikipiki nyekundu, jaketi jeusi, mwili mwembamba, na sura ambayo kwenye skrini yangu ni vidoa vichache vya kahawia. Hesabu hapo Tanga ni bodaboda wangapi wana pikipiki nyekundu na jaketi jeusi. Mimi siijui idadi hiyo, na wewe huijui, na aliyemtaja kijana wa sokoni haijui. Yeye alianza na kijana anayemjua, tena nasikia waliwahi kugombana kwa nauli, halafu ndiyo akaona jaketi.

Kuna jingine la kiufundi kidogo. Klipu uliyonitumia imeshapita kwenye makundi mengi, na WhatsApp mtu anapoipakia video kwa njia ya kawaida huibana, inapoteza ubora, na taarifa za ndani za faili, kama tarehe na saa ya kurekodiwa, hazibaki. Tarehe unayoiona wewe ni ya siku uliyoipokea. Umeandika kwamba ajali ilikuwa Alhamisi. Nani kasema? Kama ni aliyeiposti kwanza grupuni, basi Alhamisi ni siku aliyoiposti. Tena huyo kijana watu wamemhukumu kwa sababu Alhamisi alionekana maeneo yale. Unaona tunavyorudi kulekule Bethesda? Pia tazama bango la duka nyuma ya mtoto, maandishi yake yamegeuka. Klipu imepinduliwa kushoto kulia na mtu fulani njiani. Kwa hiyo ile alama mnayosema iko kwenye shavu la kushoto, kama ni alama na si kivuli, iko kulia.

Nifanyie hivi. Mtafute aliyerekodi mwenyewe, siyo aliyesambaza. Mwambie asiifute video kwenye simu yake, na kama atawatumia polisi kwa WhatsApp, aitume kama dokumenti, siyo kama video ya kawaida, ili faili lifike lilivyo. Ndani ya faili hilo huenda namba ya pikipiki inasomeka, jambo ambalo kwenye nakala yenu halitawezekana hata mkuze picha mpaka kesho. Muulizeni na mwenye lile duka kama ana kamera. Kama kuna mtu ana jina kichwani, alipeleke kituoni na aseme kwa nini analihisi, maana polisi wanaweza kumwita mtu, kumuuliza alikuwa wapi, na kumwachia bila mtaa mzima kujua. Grupu haliwezi kumwachia mtu.

Na wewe ni admini, Mwanaisha, usinijibu kwamba huna nguvu. Futa ule ujumbe wenye jina na picha ya kijana usiku huu, na uandike wazi kwa nini umeufuta, kwa sababu ukifuta kimya watasema umehongwa. Kijana mwenyewe nenda ukamwone au umtume mjomba, mumuulize kama ametishwa, na kama bado anapaki pale sokoni.

Nipe habari za mtoto. Umesema mguu umefungwa plasta, je, anakula, analala? Nimemtumia mama yake kidogo kwa simu, usimwambie ni mimi. Na ukipata namba ya aliyerekodi nitumie, nitampigia nimwelekeze mwenyewe namna ya kulituma lile faili.

Wako,
Zuhura