"Najua kuogelea" haitoshi kwa maji ya Mei

Jumamosi iliyopita alikuja dukani baba mmoja mzaliwa wa Baraka, kule Fizi, na vijana wake wawili. Walitaka mtumbwi wa kwenda kuvua samaki Ziwa Sebago. Nilipowaletea majaketi okozi, ambayo wengine wenu mnayaita jile, baba akacheka. "Ndugu, mimi nimekulia Tanganyika. Hicho kitu wape Wazungu."

Jibu hilo nalisikia kila mwaka hapa Maine, na sidharau anayelitoa. Wengi wenu mnaogelea vizuri kuliko wenyeji. Lakini Tanganyika mliyoizoea ina maji ya nyuzi 25 hivi upande wa juu, mwaka mzima. Sebago ina kina cha mita 90 na ushei, kwa hiyo huchelewa sana kupata joto. Mwezi Mei jua linawaka, watu wanatembea na fulana, hewa imefika nyuzi 25, na maji bado yako kwenye nyuzi 10. Mtu anavaa kwa kuangalia hewa, kisha anaanguka kwenye maji.

Sikubishana na yule mzee. Nilimpeleka nyuma ya duka, kwenye ndoo.

Ndoo hiyo naijaza maji na barafu, naweka kipimajoto mpaka kisome nyuzi 10. Mteja anazamisha mkono mmoja hadi kwenye kiwiko kwa dakika tano, kisha anajaribu kufunga bizimu ya jaketi kwa mkono huo. Mzee alizamisha akiwa bado anatabasamu. Baada ya dakika moja na nusu alinyamaza. Dakika ya tano alitoa mkono umekuwa mwekundu, akaishika ile bizimu, ikamponyoka. Akaishika tena. Kidole gumba kilikuwa hakibonyezi. Mwanawe mdogo ndiye aliyemfungia.

Huo ulikuwa mkono mmoja tu, mtu amesimama pakavu na anapumua vizuri. Mwili mzima ukiingia, kinachotangulia ni pumzi. Ngozi ikipozwa kwa ghafla, mwili unavuta pumzi moja kubwa bila kukuuliza, lita mbili au tatu kwa mkupuo. Ikiwa kichwa kiko chini ya maji wakati huo, unavuta maji. Baada ya hapo unahema harakaharaka kama mbwa aliyekimbizwa, na huwezi kujizuia. Mtu ambaye nchi kavu anabana pumzi dakika nzima, humo hafikishi hata sekunde kumi. Moyo nao unapigishwa mbio na shinikizo la damu linapanda, ndiyo maana wenye maradhi ya moyo wako hatarini zaidi. Huo ndio mshtuko wa baridi. Hupungua wenyewe ndani ya dakika moja hadi tatu, mradi mdomo wako umebaki juu ya maji muda huo wote.

Ufundi wa kuogelea hausaidii hapo, kwa sababu kuogelea ni kupanga pumzi na mikono viende pamoja. Pumzi ikikataa kupangika, bingwa na asiyejua wanalingana.

Tuseme umevuka dakika hizo. Unaona ufuko uko mita 200, umbali ambao Baraka ungeufanya mchezo. Ila damu imeshaikimbia mikono na miguu ili ilinde kifua, na misuli inapoa. Mikono inaanza kupiga mifupimifupi, vidole vinatawanyika, miguu inashuka, na mwili unasimama wima majini badala ya kulala. Hapo unatumia nguvu nyingi na husogei. Wenzako walio ufukoni wanaweza kudhani unawapungia.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti, amefupisha jambo hili kwa namba tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kutuliza pumzi. Dakika 10 hivi ambazo viungo bado vinakutii. Saa 1 hivi kabla hujapoteza fahamu kwa sababu joto la mwili limeshuka. Namba hizo ni za maji baridi sana, na hubadilika kulingana na unene wa mtu na nguo alizovaa, lakini mpangilio wake ndio huo.

Tazama ile saa 1. Watu husema "kaganda na baridi", wakati mtu mzima huchukua kama nusu saa au zaidi kabla joto la ndani halijashuka chini ya nyuzi 35. Wengi hufa mapema, mwili wa ndani ungali na joto lake. Wanakufa maji. Saa hiyo ni ya yule tu ambaye kuna kitu kinachomwelesha.

Na kinachohitajika ni kidogo. Mtu mzima akiwa majini ana uzito wa kilo 3 hadi 5 tu wa kuzama, na jaketi la kawaida tunalouza lina nguvu ya kuelesha kilo 7. Ukiwa nalo mwilini, dakika ya kwanza hufanyi kitu: lala chali, shika mtumbwi, acha pumzi irudi. Dakika kumi zinazofuata fanya kazi inayotaka vidole: puliza filimbi, piga 911 kama simu iko kwenye mfuko usioingiza maji, panda juu ya mtumbwi hata kama umepinduka. Kama huwezi kupanda, kunja magoti kifuani, bana mikono mbavuni. Mkiwa wengi, kumbatianeni. Usiufuate ufuko ulio mbali.

Sheria ya hapa Maine inamlazimisha mtoto wa miaka 10 kushuka chini alivae. Mtu mzima inamtaka awe nalo chomboni tu. Kwa hiyo wengi hulikalia. Mimi nawarudisha kwenye ndoo: hiyo bizimu utaifunga kwa vidole vipi?

Jaketi nalo lina mpaka wake, nisiwafiche. Abiria wengi wa Titaniki mwaka 1912 walikuwa wameyavaa, wakaelea, na baridi ya maji ya nyuzi 2 chini ya sifuri ikawaua. Jaketi linakununulia muda tu. Ndiyo maana mwezi Mei hatukodishi mtumbwi kwa mtu anayekwenda peke yake, na tunaandika saa mtakayorudi.

Mkimtoa mtu majini, mlazeni. Msimsimamishe wala kumtembeza, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kuanguka ghafla. Mvueni nguo mbichi, mfunikeni kuanzia kifuani, msimsugue mikono na miguu, na msimpe pombe. Akiacha kutetemeka na bado ni baridi, na maneno yanamkwama, hali imezidi kuwa mbaya. Msingoje kupiga 911.

Yule mzee alichukua majaketi matatu. La mwanawe mdogo tulibadilisha mara mbili. Kulipima ni hivi: funga kila kitu, kisha mtu mwingine ashike mabega ya jaketi avute juu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, majini litamwacha. Kama mna la zamani nyumbani, lileteni tulipime bure. Tutaangalia kama sponji imekuwa ngumu na kama mishono imeachia. Ndoo iko pale nyuma, barafu tunaweka kila Jumamosi asubuhi.