Kwa mdogo wangu aliyeamka Jumapili akiogopa ndoto zake

Mdogo wangu mpendwa,

Simu yako ya Jumapili asubuhi haijanitoka akilini. Sauti ilikuwa bado nzito ya usingizi, ukaniambia umeota ndoto nne mfululizo, moja inaingia ndani ya nyingine, zenye rangi kali na watu ambao hujawafikiria tangu utotoni. Kisha ukashusha sauti na kunieleza lile jinamizi la alfajiri: macho yamefunguka, chumba unakiona, lakini mkono hauinuki. Ukaniuliza, “Dada, nina nini mimi?” Nilikujibu kwa kifupi kwamba huna ugonjwa, na jibu hilo halikukutosha. Naandika hapa kwa uwazi kwa sababu najua wapo wengi waliopitia wiki kama yako wakaamka na hofu hiyo hiyo.

Nianze na wiki yenyewe. Kwa usiku tano ulikuwa ukilala saa 7 usiku na kuamshwa na kengele saa 11 alfajiri, ili umalize ile kazi. Kawaida yako ni kulala saa 5 usiku mpaka saa 1 asubuhi, yaani saa 8. Kwa hiyo ulikuwa unalala saa 4, na wewe mwenyewe ulisema, “Nimelala nusu, basi nitafidia wikendi.” Hapo ndipo hesabu inapopotoka, kwa sababu usiku haufanani mwanzo na mwisho.

Unajua kazi yangu ni kuwapima watu usingizi. Kila jioni nambandika mgonjwa vijiwaya kichwani, pembeni mwa macho na kidevuni, kisha nakaa chumba cha pili nikitazama mistari kwenye skrini mpaka kunakucha. Saa chache za kwanza mistari ya ubongo inakuwa mikubwa na ya polepole, kama mawimbi ya bahari iliyotulia. Huo ndio usingizi mzito. Baada ya kama dakika 90 tangu alale, picha inabadilika ghafla. Mawimbi yanakuwa madogo na ya haraka, karibu sawa na ya mtu aliye macho, mboni zinaanza kukimbia huku na huko chini ya kope, na mstari wa kidevu unalala bapa kwa sababu misuli imelegea kabisa. Huo ni usingizi wa ndoto, ule ambao saa yako ya mkononi inauandika REM. Mara ya kwanza hudumu dakika kama 10 tu, kisha mzunguko unaanza upya. Kila mzunguko unaofuata, usingizi mzito unapungua na wa ndoto unarefuka, hadi kufikia alfajiri kipande kimoja cha ndoto kinaweza kufika nusu saa.

Sasa tazama wiki yako. Mtu mzima anayelala saa 8 hupata, kwa makadirio, dakika 100 hivi za usingizi wa ndoto, na sehemu kubwa yake iko katika saa za mwisho. Usingizi mzito uko mwanzoni. Ulipokata saa 4, usingizi mzito uliupata karibu wote, ndiyo maana uliweza kwenda kazini na kusimama wima. Lakini ndoto pengine ulipata dakika 30 au 35. Ulilala nusu ya usiku ukapoteza theluthi mbili ya ndoto, na hivyo kwa usiku tano. Ukijumlisha, ni zaidi ya saa 5 za usingizi wa ndoto zilizokatwa na kengele ya saa 11.

Mwili unaliweka deni hilo. Mwaka 1960 mtafiti wa usingizi William Dement alichapisha jaribio ambalo mimi hulikumbuka kila nikiwa zamu. Aliwalaza watu wa kujitolea, na kila walipoanza kuingia kwenye usingizi wa ndoto, akawaamsha. Usiku baada ya usiku ilibidi awaamshe mara nyingi zaidi, maana ubongo ulikuwa unaukimbilia usingizi huo kwa nguvu. Alipowaacha walale kwa amani, muda wa ndoto ulipanda kutoka karibu asilimia 20 ya usiku hadi karibu asilimia 27. Kisha akafanya jambo la busara sana: akawaamsha watu hao hao idadi ile ile ya mara, safari hii wakiwa nje ya usingizi wa ndoto. Baada ya hapo ndoto hazikuongezeka. Kwa hiyo kilichosababisha fidia ni kukosa ndoto zenyewe, wala si usumbufu wa kuamshwaamshwa.

Ndicho kilichokupata wewe. Ijumaa ulianguka kitandani saa 4 usiku. Nilikupigia saa 5 na nusu, ukapokea ukaniambia “weka tu mezani,” na asubuhi hukukumbuka kama tumezungumza. Nilikuvuta kutoka kwenye usingizi mzito, ambao kwa mtu aliyechoka huwa mzito kuliko kawaida, na akili inachukua dakika kadhaa kuwaka. Halafu Jumamosi ulilala tena mapema, na Jumapili hukuwa na kengele. Ukalala mpaka saa 4 asubuhi. Hapo mambo mawili yalikutana. La kwanza ni deni. La pili ni saa ya ndani ya mwili, ambayo hufungua mlango wa ndoto kwa upana zaidi kuanzia alfajiri, wakati joto la mwili limeshuka mpaka chini kabisa na linaanza kupanda. Ulikuwa na deni la wiki nzima, na ukalilipa katika saa zile zile ambazo ndoto huja kirahisi.

Ndoto kuwa kali namna ile kuna sababu nyingine ambayo watu wengi hawaijui, nayo inahusu kumbukumbu. Wakati wa usingizi wa ndoto sehemu za ubongo zinazobeba hofu na hisia huwa moto, ilhali zile za mbele zinazopima mantiki zimepoa. Kemikali ya noradrenalini, ambayo tukiwa macho hutusaidia kushika yaliyotupata, inakuwa imeshuka mno. Kwa hiyo ndoto nyingi hupotea bila kuacha alama, labda uamke katikati yake. Sasa kuanzia saa 1 asubuhi usingizi wako ulikuwa mwepesi. Mwanga umeingia, kelele za nje zimeanza, unageuka, unafumbua jicho, unarudi. Kila ulipofumbua jicho ulitoka na ndoto mkononi. Zile ndoto nne ulizonihesabia ni mara nne ulizoamka.

Na jinamizi, ambalo najua ndilo lililokutisha kuliko yote. Nimekueleza kuhusu mstari wa kidevu unaolala bapa. Ubongo hufunga misuli makusudi ili usiinuke ukatenda unachoota. Kwa mtu aliyekosa usingizi, mpaka kati ya kuota na kuwa macho unalegea: fahamu inarudi kabla kufuli halijafunguka. Uzito uliousikia kifuani unatokana na hapo hapo. Misuli ya mbavu imelegea, unapumua kwa kiwambo cha chini ya mapafu peke yake, ukitaka kuvuta pumzi kubwa kwa makusudi unaona haiji. Hewa inatosha, ingawa hofu inakuambia haitoshi. Kwa kawaida linaisha ndani ya sekunde kadhaa au dakika chache. Likirudi, usipigane na mwili mzima. Acha pumzi iende yenyewe, elekeza nia yote kwenye kidole kimoja cha mguu au cha mkono mpaka kisogee. Na ulale kwa ubavu, maana hutokea zaidi kwa mtu aliyelala chali.

Uliniuliza pia mbona mimi nilipokesha kabisa zile zamu mbili mfululizo sikuota kitu usiku uliofuata. Ni kwa sababu mimi nilikosa vyote. Ubongo uliokosa kila kitu huanza kulipa usingizi mzito, na mimi usiku ule nililala kama gogo. Ndoto zilinijia usiku wa pili. Wewe usingizi mzito ulikuwa unaupata kila siku, hivyo uliobaki kudaiwa zaidi ni wa ndoto.

Sasa wiki hii fanya hivi. Usijaribu kurudisha saa zote 20 ulizopoteza, kwa sababu mwili haulipwi saa kwa saa. Lala saa 4 na nusu usiku, ongeza na nusu saa hivi asubuhi, usiku tatu au nne. Kulala mpaka adhuhuri kutakusogezea saa ya mwili, na Jumapili usiku utabaki unatazama dari. Pombe iache kabisa siku hizi, hata ile ya “kunisaidia kulala.” Inazima ndoto nusu ya kwanza ya usiku, kisha zinarudi kwa fujo nusu ya pili, utaamka na jasho. Na saa yako ya mkononi usiisome kama hakimu. Inakisia kwa mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono. Haioni mawimbi ya ubongo. Ikikuandikia REM dakika 150, chukua kwamba zimepanda, usishike namba yenyewe.

Mambo machache yatanifanya nikupeleke kwa daktari mwenyewe. Ukiwa umelala vizuri wiki mbili na ndoto bado zinakuvuruga hivi. Ukianza kupiga ngumi au kuruka kitandani ukitenda ndoto, maana hapo lile kufuli halifanyi kazi. Jinamizi likiwa la mara kwa mara, nawe mchana unasinzia usivyoweza kujizuia, au magoti yanalegea ukicheka. Mtu akikuambia unakoroma kisha pumzi inakatika. Na zile dawa za msongo ulizotaja: nyingi za aina hiyo hupunguza usingizi wa ndoto, na kuziacha ghafla huleta fidia kama hii, tena kali. Usiziguse kabla hujazungumza na aliyekuandikia.

Jumatano sina zamu. Nipigie asubuhi ukishaamka, uniambie uliota mara ngapi na uliamka mara ngapi. Nadhani hesabu zote mbili zitakuwa zimeshuka.

Dada yako